Mkanda wa jeshi: saa zinahesabiwa tangu upele, si tangu maumivu

Msimu wa korosho huku Tandahimba kila nyumba ina mtu mwenye ngozi iliyoungua. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, na sisi tunaobangua kienyeji nyumbani tumeshazoea kuona vidole vinabanduka na mapaja yana madoa meusi. Mazoea hayo ndiyo yaliyotaka kuniponza.

Alhamisi nilianza kuumwa ubavu wa kulia. Hayakuwa maumivu ya kubanwa, yalikuwa ya kuchoma, kama mtu ananipitishia sindano ya moto kutoka mgongoni kuja mbele, kisha ananyamaza, kisha anarudia. Ngozi ilikuwa safi kabisa. Nilijua ni kile kichomi cha kubeba magunia. Nikameza dawa ya maumivu, nikaendelea na kazi. Ijumaa na Jumamosi hali ilikuwa ileile, ila sasa hata shati likinigusa nilikuwa nashtuka.

Jumapili asubuhi, naoga, mkono ukapita juu ya kitu chenye vinundu. Mke wangu akatazama. "Baba Asha, umejifuta jasho na mikono ya korosho. Ona ulivyoungua." Nikakubali, maana ilionekana hivyo: wekundu, na juu yake malengelenge madogo yaliyosongamana kama mayai ya samaki.

Laiti tungetazama vizuri, yale hayakuwa ya korosho. Mafuta huunguza pale yalipogusa, popote pale, na maumivu huja baada ya kugusa. Mimi maumivu yalitangulia siku tatu. Na upele wenyewe ulikuwa umepangika kwa namna ambayo tone la mafuta haliwezi: ulianzia karibu na uti wa mgongo, ukazunguka chini ya mbavu za kulia, ukaja mbele na kukoma karibu na mstari wa katikati ya tumbo. Upande wa kushoto hakukuwa na hata kipele kimoja.

Huo ndio mkanda wa jeshi. Ni virusi vilevile vya tetekuwanga. Ukiugua tetekuwanga utotoni unapona, lakini virusi haviondoki, vinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo na kulala humo miaka mingi. Kinga ikilegea, kwa umri au kwa maradhi, vinaamka, mara nyingi kwenye mzizi mmoja tu, na kufuata mshipa wake hadi kwenye ngozi. Mshipa wa kulia unahudumia kulia tu, ndiyo maana mkanda haukuvuka. Wazee wetu wanasema ncha mbili zikikutana mtu anakufa. Mama mkubwa alinipigia simu kuniuliza kama zimekutana! Ncha hazikukutana, na hata upele ukitokea pande zote mbili si hukumu ya kifo. Inaweza kuwa dalili kwamba kinga imeshuka sana, na mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Jumatatu nilipaka dawa ya meno. Sina la kujitetea.

Jumanne asubuhi nilikwenda duka la dawa. Muuzaji alitambua ugonjwa, nampa heshima yake. Akanipa tyubu ya kupaka na vidonge 25 vya asaiklovia vya miligramu 200, nimeze kimoja mara tano kwa siku, kwa siku tano. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Jioni jirani yetu, nesi mstaafu, akaja kunijulia hali. Hakuuliza naumwa wapi, aliuliza, "Upele uliuona lini, Mwalimu? Siku na saa."

"Jumapili, saa moja asubuhi."

Akahesabu kwa vidole. "Una mpaka kesho saa moja asubuhi kuanza dawa, hapo saa 72 tangu upele zitatimia. Na hizo ulizopewa ni dozi ya malengelenge ya mdomoni. Panda bodaboda, nenda kituo cha afya sasa hivi."

Tabibu wa zamu alisema vilevile. Dozi ya mkanda wa jeshi kwa mtu mzima ni miligramu 800 kila mara, mara tano kwa siku, kwa siku saba. Kwa vidonge vya 200 hiyo ni vinne kwa mpigo, 20 kwa siku, 140 kwa wiki. Vile 25 vyangu vingenifikisha siku moja na mpigo mmoja, vikaisha. Tyubu alisema niiweke kabatini, kwa sababu virusi vinazaliana ndani ya mshipa na mafuta ya kupaka hayafiki huko. Kabla ya kuandika aliniuliza kuhusu figo, maana mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, na akanisisitiza ninywe maji mengi. Nilimeza saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kengele ya simu ilinikera, lakini bila hiyo ningeruka mipigo.

Nilimuuliza kwa nini saa 72. Alinieleza kuwa dawa hii haiui virusi, inavizuia kujinakili. Siku za mwanzo za upele ndizo vinapozaliana kwa kasi na kuharibu mshipa. Malengelenge mapya yakishaacha kutoka, kazi hiyo imekwisha, na dawa inakuta kidogo cha kuzuia. Na saa zinahesabiwa tangu upele ulipoonekana, wala si tangu maumivu, kwa hiyo aliyeumwa ubavu wiki nzima kabla ya upele bado hajachelewa. Hata baada ya saa 72, kama malengelenge mapya yanaendelea kuchomoza, au mgonjwa ana kinga dhaifu, dawa hutolewa. Upele ukiwa kwenye paji la uso au ncha ya pua, usingoje wala usihesabu saa, jicho liko hatarini.

Alinishauri pia nipime VVU, kama wanavyoshauri wengi wenye mkanda. Nilipima, sina. Nyumbani mke wangu aliposikia "dawa ya virusi" alinyamaza chakula chote cha usiku, akidhani nimeanzishiwa zile nyingine. Ni dawa tofauti kabisa.

Mjukuu wangu wa miezi minne alihamishiwa chumba kingine. Mkanda wenyewe hauambukizi mkanda, lakini maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua, na wa kuhofiwa zaidi ni wachanga na wajawazito. Nilifunika ubavu kwa kitambaa safi. Siku ya tisa yote yalikuwa vigaga vikavu, nikambeba.

Nisikudanganye kwamba kuwahi kulinifutia kila kitu. Dawa ilifupisha upele na ule moto wa mwanzo, lakini haimhakikishii mtu kwamba maumivu hayatabaki, hasa akishapita miaka 50. Mama mkubwa alipougua alikwenda hospitali wiki ya tatu, na miezi minane baadaye bado alikuwa akivuta khanga mbali na ubavu kwa vidole viwili isimguse. Alikuja kulala vizuri alipoandikiwa amitriptilini kidogo ya usiku, baada ya kumaliza pakiti kadhaa za panado zisizomsaidia. Mimi maumivu yangu yalikwisha wiki ya sita. Imebaki sehemu ndogo chini ya ubavu, upana wa kiganja, ambayo nikiikuna sihisi kama ni ngozi yangu.