Kupunguza picha ya buletini bila kupoteza pointi

Ukipiga picha buletini ya mtoto hapa Goma ili uitume Lubumbashi aandikishwe shule, kamera ya megapikseli 12 inakupa pikseli 4000 kwa 3000, na faili ya mega 3 hadi 5. Anayeipokea anahitaji kusoma jina, pointi na muhuri. Kwa hilo nusu ya mega inatosha kabisa.

Kata kwanza, ndipo upunguze. Tuseme karatasi imechukua pikseli 2800 tu za ule urefu wa 4000, kinachobaki ni meza. Ukipunguza picha nzima hadi 1754, karatasi yenyewe inabaki na 1228, na mega zako zinabeba mbao za meza. Ukikata meza kwanza, pikseli zote 1754 ni za maandishi.

Hiyo 1754 sikuitoa hewani. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo kila milimita inapata karibu pikseli 6. Herufi ndogo za chapa ya kawaida hazifiki kimo cha milimita 2, basi zinapata pikseli kama 10, na jicho linazisoma bila taabu. Ukishuka hadi 800, zinabaki na 4 au 5: tundu la "e" linaziba, 3 na 8 zinafanana. Kwenye pointi za mtoto, hilo ni jambo zito.

Katika simu nyingi zilizo kwa Kifaransa, tafuta "Redimensionner" ndani ya kuhariri picha. Ikikupa asilimia tu, kwa mfano wetu wa 2800 chagua 60, utapata 1680. Kwenye kompyuta yenye ImageMagick, picha ikiwa imeshakatwa:

```
magick buletini.jpg -auto-orient -resize 1754x1754 -quality 72 ndogo.jpg
```

Ubora, yaani ile namba ya -quality, usishuke chini ya 60. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa mno, ukungu wa vidoadoa unazunguka kila herufi. Biki ya bluu na muhuri mwekundu huharibika mapema kuliko chapa nyeusi, maana rangi ndiyo JPEG inayoibana zaidi.

Jihadhari na tovuti zinazopunguza picha: kwa nyingi lazima uipandishe kwanza ikiwa nzima, na mega ulizotaka kuokoa zimeshaliwa. Na katika WhatsApp, tuma ile ndogo kupitia "Document". Ukiituma kama picha ya kawaida itabanwa mara ya pili.

Kabla ya kutuma, fungua ile ndogo, vuta karibu tarakimu iliyo ndogo kuliko zote. Isiposomeka, usiongeze ubora. Rudi kwenye picha ya kwanza, ikate vipande viwili, cha juu na cha chini, kila kimoja ukipe pikseli 1754 za upana.