Supplaya akipandisha bei mkataba haujaisha, jibu kabla mzigo haujaingia

Kwa mnaoanza kazi ya manunuzi: barua ya supplaya inayosema "kuanzia Julai bei yetu itakuwa hii" ni ombi tu, hata kama kaipiga muhuri na kuiita taarifa. Mkataba hauwezi kubadilishwa na upande mmoja. Shida ni ukikaa kimya, mzigo ukaja na invoisi ya bei mpya, stoo wakapokea, uhasibu wakalipa, hapo atasema mlikubali kwa vitendo na kumpinga inakuwa ngumu kweli.

Kwanza kasome kipengele cha bei. Kama kinaruhusu marekebisho, mfano dizeli inayofuata bei kikomo za EWURA, au bei imeandikwa bila VAT na serikali ikabadili kodi, hapo huna cha kukataa. Kama bei ni ya kudumu, andika.

Chukua shule ya bweni inayonunua mchele kilo 1,500 kwa mwezi, shilingi 2,400 kwa kilo mpaka Desemba, na Juni supplaya anataka 2,800. Kwa miezi sita iliyobaki hiyo ni nyongeza ya 3,600,000. Mwili wa barua unatosha hivi:

"Tumepokea barua yenu ya tarehe 12 Juni. Kwa mujibu wa kipengele cha 6 cha mkataba wetu, bei ni shilingi 2,400 kwa kilo hadi tarehe 31 Desemba, na hakuna kipengele kinachoruhusu kuipandisha kabla ya hapo. Hivyo hatukubali bei ya shilingi 2,800. Tunatarajia mzigo wa Julai, kilo 1,500, kwa bei ya mkataba. Tafadhali thibitisheni kwa maandishi kabla ya tarehe 24 Juni."

Naomba muone kisichokuwepo humo. Hakuna "bajeti yetu ni finyu", maana ukiandika hivyo umeshafungua mlango wa kupatana, atakuja na 2,600 na wewe utaonekana mkaidi wakati haki ni yako. Wala hakuna "kwa sasa hatuwezi", hiyo anaisoma kwamba mwezi ujao mtaweza. Heshima iwepo, mtu bado unamhitaji, ila msimamo usiyumbe.

Nakala ipeleke stoo na uhasibu siku hiyohiyo. LPO ya Julai iandike 2,400, na invoisi ikija na 2,800 irudishwe irekebishwe kabla hajatoa risiti ya EFD, kwa sababu risiti ikishatoka na bei mpya kuifuta ni usumbufu kwenu wote wawili.

Akigoma kuleta, mpe notisi ya maandishi yenye tarehe ya mwisho. Ikipita, nunua kwingine kwa bei ya kawaida ya soko na utunze kila risiti, maana Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 73, inakuruhusu kudai fidia ya hasara aliyokusababishia, na hiyo tofauti ya bei ndo hasara yenyewe.