Muhtasari wa slaidi wa kusikiliza ndani ya basi

"Nina muhtasari wa slaidi za figo. Niuandikeje ili niusikilize kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni?"

Usiurekodi kama ulivyo, kwa sababu vidokezo vilivyokatwa humtegemea mtu anayeona mishale na mpangilio. Pale slaidi inaposema "glomeruli → mirija", andika: "Damu huingia kwenye glomeruli, yaani vichujio vidogo vya figo, ambako maji, chumvi na glukosi huchujwa, huku seli na protini nyingi zikibaki; kisha majimaji hayo hupita kwenye mirija, ambako glukosi karibu yote hufyonzwa tena." Ukishauriwa ufupishe zaidi, ushauri huo ni sahihi kuhusu majedwali tu. Rudia "glomeruli" badala ya kusema "hiyo", maana kelele za abiria humeza neno moja na maana ikapotea. Ukiweka maswali ya kujipima, baada ya kila swali acha sekunde tano za ukimya ili ujibu mwenyewe kwanza.