Usiishie kwenye hukumu: kwa wanaoanza kufuatilia kesi zinazojirudia

Mkianza kazi hii mtasoma hukumu ya mfano na kudhani tatizo limekwisha. Hukumu ya mfano hutolewa pale mahakama ya haki za binadamu, kama ile ya Ulaya, inapoona kwamba maelfu ya malalamiko yana chanzo kimoja. Inachagua kesi moja, inataja kasoro iliyo ndani ya mfumo wa nchi, kisha inaiamuru serikali iunde njia ya kuwafidia waathirika wote. Kesi nyingine zinazofanana nayo zinaweza kusimamishwa zikisubiri.

Mfano wa kusoma kwanza ni Ivanov dhidi ya Ukraine, hukumu ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ya Oktoba 2009. Mlalamikaji, mwanajeshi mstaafu, alikuwa ameshinda kesi kwenye mahakama za nchini mwake, lakini dola haikumlipa. Hakuwa peke yake, kwani wakati huo malalamiko kama 1,400 ya aina hiyo yalikuwa yakisubiri Strasbourg, makao ya mahakama hiyo. Bajeti haikutenga fedha za kulipa madeni hayo, na sheria zilizuia mali za kampuni za serikali zisikamatwe. Mahakama iliipa Ukraine mwaka mmoja iunde nafuu ya ndani inayofanya kazi, yaani njia ya kisheria nchini humo ya kuwalipa wanaodai.

Muda ulipita na nafuu haikupatikana. Mwaka 2012 mahakama ikaanza tena kuzisikiliza kesi hizo, nazo zikazidi kumiminika. Oktoba 2017, katika Burmych na wenzake dhidi ya Ukraine, Baraza Kuu la majaji wa mahakama hiyo, kwa kura 10 dhidi ya 7, liliyafuta kwenye orodha malalamiko zaidi ya 12,000 na kuyakabidhi kwa Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya, chombo kinachosimamia utekelezaji wa hukumu. Hoja ilikuwa kwamba kasoro ilikwisha kutajwa mwaka 2009, na kilichobaki ni utekelezaji.

Mimi naona majaji saba waliopinga walikuwa na hoja nzito. Kamati ile ni ya kisiasa, na haimpi mtu mmoja mmoja hukumu wala fidia. Anayeidai dola amebaki na haki aliyothibitishiwa bila mtu wa kumlipa.

Kwa hiyo mkipewa faili la namna hii, soma kwanza amri zilizo mwishoni mwa hukumu. Tafuta tarehe ya mwisho iliyowekwa, kisha fungua maamuzi ya Kamati ya Mawaziri uone kama sheria ilipitishwa na kama kuna aliyekwisha kulipwa kwayo. Sheria isiyotengewa fedha bado si nafuu. Zaidi ya yote, msimwambie mteja asubiri kwa sababu kesi zinazofanana na yake zimesimamishwa. Kusimamishwa huko hakumwongezei muda wa kuwasilisha lalamiko lake, ambao tangu Februari 2022 ni miezi minne baada ya uamuzi wa mwisho wa ndani.