Wiki ya matokeo ya kifedha ya kampuni: roboti ya kuuza na kununua hisa ipunguze hisa lini na kwa kiasi gani?

Roboti yangu huuza yenyewe bei ikishuka asilimia 8. Kalenda ya matokeo ya nini tena?

Amri hiyo husaidia bei inaposhuka hatua kwa hatua. Usiku wa matokeo bei huruka. Netflix ilifunga siku kwa dola 348.61 tarehe 19 Aprili 2022, ikatoa matokeo baada ya soko kufungwa, na kesho yake soko likafunguliwa hisa ikiwa karibu dola 245. Amri ya kuuza kwenye 320 ingekuuzia huko chini, kwa sababu soko lilipofunguliwa bei ilikuwa imeshaipita 320. Kinachokulinda ni kuwa na hisa chache kabla ya tangazo.

Nipunguze kiasi gani?

Anza na hasara unayoweza kuibeba, kisha igawe kwa mruko mkubwa zaidi ambao hisa hiyo imewahi kuufanya baada ya matokeo ya karibuni. Tuseme akaunti ina dola 20,000, Netflix ni 3,000, na hutaki tangazo moja likule zaidi ya dola 200. Januari 2022 hisa hiyo ilikuwa imeanguka karibu asilimia 22 baada ya matokeo. 200 gawanya kwa 0.22 ni kama 909, hizo ndizo dola za kubaki kwenye Netflix, kwa hiyo roboti iuze takriban dola 2,090. Aprili ikaanguka asilimia 35: ungepoteza kama 318, si 1,050. Kikomo kilivukwa, maana historia haiahidi kitu, lakini akaunti ingebaki imara. Mimi huongeza nusu juu ya mruko wa zamani.

Kalenda iliandika Alhamisi, roboti ikauza Alhamisi, kumbe bei ilisharuka. Kwa nini?

Huenda kampuni ilitangaza asubuhi kabla ya soko kufunguliwa. Hapo kupunguza kunapaswa kumalizika Jumatano kabla ya kufunga. Kama kalenda haisemi ni asubuhi au jioni, chukulia ni asubuhi.

Kagua pia saa. Soko la New York hufunga saa 10 jioni yao, ambayo majira ya baridi ni saa 6 usiku Nairobi na Dar es Salaam. Tangazo la jioni ya Jumatano kwao huingia kwetu tarehe ikiwa Alhamisi, na roboti inayosoma tarehe ya hapa itachelewa siku nzima. Tunza tarehe zote kwa saa za New York. Baadhi ya tarehe ni makadirio tu ya watengeneza kalenda, kwa hiyo zithibitishe kwenye ukurasa wa wawekezaji wa kampuni yenyewe.

Iliuza vizuri, halafu baada ya saa moja ikanunua tena!

Sehemu inayosawazisha akaunti iliona Netflix imepungua ikajaza pengo. Alama ya tahadhari ambayo roboti huiweka kabla ya tangazo lazima ishushe kiwango lengwa chenyewe, ifunge ununuzi, na ifute amri za kununua zinazosubiri bei ya chini. Hizo ndizo hutekelezwa zote bei ikianguka. Ununuzi ufunguliwe tena baada ya siku moja kamili ya biashara kufuatia tangazo.