Dhamana mbili za zabuni ya mtaro

"Zabuni ya mtaro hapa Ngamiani inataka dhamana ya malipo ya awali na dhamana ya utekelezaji. Si kitu kimoja?"

Hapana, kaka. Ya kwanza inalinda hela waliyokutangulizia, ya pili inalinda kazi yenyewe. Mkataba ukiwa wa milioni 80 na ukatangulizwa asilimia 15, benki inakuandikia dhamana ya milioni 12. Hiyo inashuka kadiri wanavyokukata hela hiyo ya awali kwenye kila hati ya malipo, ila kushuka huko kuandikwe ndani ya dhamana yenyewe. Ya utekelezaji, tuseme asilimia 10, ni milioni 8 na kwa kawaida haishuki mpaka ukabidhi kazi. Wengine wanaidai hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi, kiishe, soma kifungu chako.

Mimi nilijenga darasa kule Pongwe, benki ikashikilia taslimu sawasawa na dhamana. Malipo ya awali nikayaona kwenye karatasi tu! Usipoyachukua, dhamana ya kwanza huihitaji.

— Chukua dhamana ya kampuni ya bima tu, rahisi.

— Bima wanatoa, mkuu, lakini masharti mengine ya zabuni yanakubali ya benki peke yake.