Bafu linatoa maji polepole: ng'oa kizibo kabla ya kuvunja vigae

"Wenzangu, bafu letu la kulala hapa Lamu likijaa huchukua karibu dakika 20 kuisha maji. Nimemwaga maji moto, nimetia na dawa ya kuzibua, wapi! Fundi ataka kuvunja vigae. Nimruhusu?"

Dada, asivunje chochote kabla hujatoa kizibo. Natunza nyumba ya wageni Malindi yenye mabafu matatu ya aina hiyo, na mara nyingi uchafu huwa pale pale mdomoni, mahali vidole vinafika.

Chini ya kizibo mna msalaba mdogo wa chuma, na katikati yake umesimama mti wa kizibo. Nywele hujisokota hapo. Maji ya visima vyetu yana chokaa ya matumbawe, kwa hiyo sabuni huganda ikawa utando mweupe unaozigandisha nywele pamoja na mafuta ya nazi. Maji moto huyeyusha mafuta tu. Dawa hula nywele za kichwani taratibu sana, na rasta za kusukia, kwa kuwa ni plastiki, haizigusi kabisa.

Mwaka jana bafu moja lilinisumbua wiki nzima. Kizibo chake kilikuwa cha kubonyeza kwa kidole cha mguu. Nilikiacha wazi, nikakizungusha kifuniko kinyume cha saa hadi kikatoka, kisha nikaufungua mti wake kwa bisibisi bapa. (Kama chako ni cha kuinua na kuzungusha, shika shina lake kwa chini, ufungue kichwa, vingine vina skrubu ndogo ubavuni.) Chini nikakuta donge jeusi la rasta, nene kama kidole gumba.

Wewe, kwa kuwa umeshatia dawa, chota kwanza maji yaliyosimama, mwaga maji mengi ya baridi, na uvae glavu za mpira. Linda na macho.

Kunja ncha ya waya wa hanga iwe ndoano ndogo. Ipitishe kando ya msalaba, izungushe mpaka nywele zijiviringe, ndipo uvute polepole. Ukivuta kwa pupa zinakatika na nusu yake inateremka ndani. Zilizofungamana na chuma zikate kwa kisu kidogo. Ila usiutumie msalaba kama egemeo la koleo: ukivunjika, au tundu zima likilegea, maji yatavuja chini ya bafu na hutayaona mpaka dari la chini lilowe.

Kabla ya kurudisha kizibo, ziba tundu kwa kitambaa, jaza bafu nusu, kisha uachie. Langu liliisha kwa dakika 3 hivi. Yakienda kasi bila kizibo, sugua mti wake kwa brashi na siki, urudishe. Yakibaki mazito, uchafu uko kwenye kona ya bomba chini ya bafu, na hapo mwite fundi aje na waya mrefu wa kuzibulia. Na choo au sinki navyo vikigugumia bafu linapotoa maji, basi mwambie aangalie bomba kuu na shimo la maji machafu. Bafu halina kosa.